Video yangu ya HDR ilipotosha watu, na binamu yangu akalipia

Wasee, ile video yangu iliyoangaliwa kuliko zote, ya kuseti HDR kwenye monita, nimeitoa. Walioniuliza kwenye inboksi kama nimehakiwa, hapana. Niliitoa mwenyewe, na leo nataka kueleza kwa nini. Kosa lililokuwa ndani yake lilitembea kutoka chumba changu hapa Busia hadi Malaba, likaingia chumba cha gemu cha binamu yangu, likamharibia Jumamosi nzima, na nusura limfanye atumie pesa za chama vibaya.

Kwa wale wageni: HDR ni mtindo wa kuonyesha picha ambapo sehemu zenye mwanga zinawaka sana na sehemu za giza zinabaki giza kabisa, zote mbili kwenye skrini moja kwa wakati mmoja. Taa ya gari usiku inakuumiza macho kidogo kama taa ya kweli, na barabara iliyo nyuma yake bado ni nyeusi. Hiyo ndiyo ahadi. Picha ya kawaida tuliyoizoea inaitwa SDR.

Kwenye video nilisema hivi, na nilisema kwa kujiamini sana: "Kama hujaona 10 bpc, HDR yako ni feki. Shusha hezi mpaka hiyo 10 bpc itokee." Kumbuka hayo maneno, tutayarudia.

Binamu yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, mimi humwita kaka. Ana chumba cha gemu Malaba, karibu na barabara ile malori yanajipanga kungoja kuvuka. PS ziko tatu, na mwaka jana akaongeza kompyuta, mtumba mzuri wenye kadi ya RTX 3060. Akanunua monita moja mpya ya kujaribu, inchi 27, 1440p, hezi 144, na pembeni ina stika ya DisplayHDR 400. Mpango ulikuwa, ikipendwa na wateja, achukue mkopo wa chama cha shangazi, aongeze kompyuta tatu na monita tatu kama hiyo. Monita yenye stika ilikuwa inazidi ile isiyo na stika kwa shilingi 7,000. Mara tatu ni 21,000. Kwa mtu anayelipisha kwa saa, hizo ni saa nyingi sana za vijana kukaa pale.

Jumamosi hiyo aliandaa shindano dogo la CS2. Vijana wakalipa kiingilio. Nusu saa baadaye wakaanza kulalamika kwamba gemu inavuta, panya inachelewa, mtu analenga hapa risasi inaenda pale. Mmoja akafungua ile namba ya FPS kwenye kona: 60, haipandi. Wiki iliyopita kompyuta ileile ilikuwa inapita 144 bila jasho. Kaka akarudisha viingilio, akanipigia simu usiku.

"Mdogo wangu, hii HDR yako inakula fremu. Nimeizima kabisa. Sasa niambie, zile 21,000 ni za nini?"

Nikamwambia HDR haiwezi kula fremu kiasi hicho. Akaniambia, "Wewe uliniambia kwa video. Mimi nilifuata hatua kwa hatua." Hapo nikanyamaza. Jumapili asubuhi nikapanda matatu ya Malaba.

Nilipofika sikufungua gemu kwanza. Nilifungua NVIDIA Control Panel, nikaingia Change resolution. Pale pa hezi paliandikwa 60. Pale pa Output color depth paliandikwa 10 bpc. Yaani kaka alifanya kile nilichomwambia. Aliwasha HDR, akatafuta 10 bpc, haikuwepo kwenye orodha, akashusha hezi, bado, akashusha tena mpaka 60, ikatokea. Akafurahi. Na kwa sababu V-Sync ilikuwa imewashwa, gemu ikafungwa kwenye fremu 60, sawa na hezi za monita. Kadi ilikuwa na nguvu ya kutoa zaidi ya mara mbili, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa hivyo fremu zilipotea kweli. Lakini hazikuliwa na HDR. Zilipotea kwenye kebo, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Acha nieleze hii ya kebo, maana ndiyo watu wengi hawaielewi, mimi nikiwa wa kwanza. Picha ya 1440p ina pikseli 2560 kwa 1440, karibu milioni 3.7. Ukiionyesha mara 144 kwa sekunde, ni pikseli milioni 531 kila sekunde. Kila pikseli ina rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu. Kwenye picha ya kawaida kila rangi inabebwa kwa biti 8, jumla 24. Kwenye 10 bpc kila rangi inabebwa kwa biti 10, jumla 30.

Piga hesabu: milioni 531 mara 24 ni karibu biti bilioni 12.7 kwa sekunde. Mara 30 ni karibu bilioni 15.9. Sasa, kaka alikuwa ameunganisha monita kwa HDMI, na monita yake ina HDMI 2.0. Hiyo inabeba biti bilioni 14.4 za picha kwa sekunde, basi. Ile ya kwanza inapita. Ya pili haipiti, hata kabla hujahesabu nafasi ndogo tupu zinazowekwa kati ya fremu moja na nyingine.

Watu wa Malaba wanaelewa hii bila shule. Januari 2022 Uganda ilipodai kila dereva wa lori apimwe Korona mpakani, malori hayakuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni muda wa kila lori getini, na foleni ikarudi nyuma kilomita baada ya kilomita. Geti ni lile lile, mzigo wa kazi kwa kila lori umepanda, basi malori yanayopita kwa saa yanapungua. HDMI 2.0 ni geti. Ukitaka kila pikseli iwe nzito zaidi, lazima upitishe picha chache zaidi kwa sekunde. Ndiyo maana 10 bpc ilitokea tu baada ya hezi kushuka.

Na dawa ilikuwa ndani ya katoni ya monita, bado imefungwa kwa nailoni: kebo ya DisplayPort. Monita ile ina DisplayPort 1.4, ambayo inabeba karibu biti bilioni 25.9 kwa sekunde. Bilioni 15.9 inapita hapo na nafasi inabaki. Nikachomoa HDMI, nikachomeka DisplayPort, nikaweka hezi 144, na 10 bpc ikatokea kwenye orodha yenyewe. Kaka akaniangalia tu.

Lakini kuna kitu kingine kibaya zaidi kwenye video yangu. Hata kama hakuwa na hiyo kebo, hakuhitaji kushusha hezi. Windows inaweza kutuma HDR kwa biti 8 na kuchanganya pikseli jirani kwa ujanja ili jicho lione rangi ya katikati. Ukienda Settings, System, Display, Advanced display, utaona imeandikwa "8-bit with dithering". Mimi nilikuwa naita hiyo feki. Siku hiyo nilijaribu zote mbili kwenye anga ya Forza Horizon 5 wakati jua linazama, mahali ambapo mistari ya rangi ingeonekana kama ipo, na nikashindwa kuzitofautisha. Kaka naye akashindwa. Mteja wa miaka kumi na saba mwenye macho ya tai akashindwa pia. Kumbe nilikuwa nawaambia watu wauze hezi 84 ili wanunue kitu ambacho hawawezi kukiona.

Sasa lile swali lenyewe: ukishaondoa tatizo la kebo, HDR inakula fremu ngapi? Tulipima. Forza Horizon 5 ina HDR yake na ina kipimo chake cha ndani, gari linaendeshwa njia ileile kila mara, mwisho unapewa wastani wa fremu. Tuliweka DisplayPort, hezi 144, V-Sync imezimwa, mipangilio ya picha ileile, na kila tukibadilisha HDR tulifunga gemu na kuifungua upya. Mara tatu bila HDR tulipata 84, 85 na 83. Mara tatu na HDR tukapata 83, 84 na 82. Fremu moja. Na ukiangalia vizuri, vipimo vya bila HDR peke yake vinapishana kwa fremu mbili. Yaani tofauti ya HDR ni ndogo kuliko tofauti ya kipimo na kipimo. Ukifumba macho huwezi kujua ni ipi imewashwa, na hata ukifumbua, kwa mkono hutahisi.

Sababu yake ni nzuri ukiielewa. Gemu za siku hizi zinapiga hesabu ya mwanga kwa upana mkubwa ndani ya kadi hata kama monita yako ni ya zamani. Jua ndani ya gemu ni jua, lina mwanga mwingi kuliko skrini yoyote. Mwishoni kabisa, kabla picha haijatoka, gemu inaukandamiza mwanga huo wote ili uingie kwenye uwezo wa monita. Ukiwasha HDR, hatua hiyo ya mwisho inafanywa kwa namba tofauti. Ni kama ugali umeshaiva kwenye sufuria na unaulizwa utapakuliwa kwenye kisahani au sinia. Kazi ilikuwa kusonga, na kusonga kumeshaisha.

Basi uvumi wa "HDR inakula fremu" ulitoka wapi? Haukutoka hewani. Ukienda nyuma hadi Oktoba 2005, Valve walitoa Half-Life 2: Lost Coast, kipande kifupi cha gemu cha kuonyesha HDR. Lakini ile ilikuwa HDR ya ndani, ile hesabu ya mwanga mpana niliyoisema juu, na kwa kadi za wakati huo ilikuwa mzigo wa kweli. Picha ya mwisho bado ilikuwa ya SDR kwa monita za kawaida. Wakubwa wetu waliocheza wakati huo walizima "HDR" kwenye mipangilio na kompyuta ikapumua. Leo neno ni lile lile, kitu ni kingine.

Halafu mwaka 2018 tovuti ya Kijerumani ya ComputerBase ilipima HDR ya monita kwenye gemu kadhaa. Kadi ya GTX 1080 ilipoteza karibu asilimia 10 kwa wastani, na Vega 64 ya AMD karibu asilimia 2. Kwa hivyo kama una GTX za kizazi kile, na hapa kwetu mtumba wa kadi hizo bado unazunguka, usinukuu kipimo changu cha 3060. Pima yako. Na kuna kitu kingine kinachoitwa RTX HDR, kichujio cha Nvidia kinachogeuza gemu ya SDR ionekane HDR. Hicho ni kazi ya ziada juu ya gemu, na fremu utaziona zikishuka. Mtu akikwambia HDR imempunguzia fremu, muulize kwanza ni HDR gani.

Jibu fupi basi: HDR ya gemu yenyewe, kwenye kadi ya miaka ya karibuni, na kebo inayotosha, haikugharimu fremu za kuhesabika. Nikamwambia kaka hivyo, naye akauliza swali ambalo ningejiuliza kabla ya kurekodi video yoyote.

"Sawa. Haili fremu. Lakini inanipa nini?"

Tukawasha Forza tena, usiku ndani ya gemu, saa nane mchana Malaba. Mlango wa chumba chake uko wazi kwa sababu ya joto, na jua linaingia hadi kwenye kibodi. Tukawasha HDR. Picha ikawa mbaya zaidi. Barabara ikapotea gizani, miti ikawa doa moja, na sisi wawili tumejikunja mbele ya skrini tukiweka viganja juu ya macho kama mtu anayetafuta lori lake kwenye foleni.

Kuna sababu mbili, na zote mbili hazisemwi kwenye stika.

Ya kwanza ni chumba. Kwenye SDR, chumba kikiwa na mwanga unapandisha mwangaza wa monita na picha yote inapanda. HDR haifanyi kazi hivyo. Kwenye HDR10 kila namba ya rangi ina kiasi chake kamili cha mwanga, kinachopimwa kwa niti. Gemu ikisema kivuli hiki ni nusu niti, monita inatakiwa itoe nusu niti, chumba kiwe cha giza au kiwe nje juani. Monita nyingi zinafunga kabisa kile kitufe cha mwangaza ukiingia HDR, na ya kaka ni mojawapo. Kwa mtu anayecheza usiku, taa imezimwa, hiyo ni raha. Kwa chumba chenye mlango wazi barabarani, vivuli vyote vinamezwa na jua.

Ya pili ni monita yenyewe. Tulifunga mlango, tukaweka shuka dirishani, tukajaribu tena. Sasa barabara ilionekana, lakini giza halikuwa giza. Lilikuwa kijivu, kama shati jeusi lililofuliwa mara mia. Na hapo ndipo ile stika inapaswa kueleweka.

DisplayHDR ni viwango vya shirika la VESA, vilianza Desemba 2017. Namba 400 inamaanisha monita inaweza kufika niti 400 pale inapowaka zaidi. Haiilazimishi iwe na uwezo wa kuzima taa ya nyuma sehemu kwa sehemu. Monita ya kaka ni ya IPS, na kioo cha IPS cha kawaida kinazuia mwanga kwa uwiano wa kama 1000 kwa 1. Maana yake, taa ya nyuma ikiwaka ili nyeupe ifike niti 400, nyeusi kwenye skrini hiyohiyo inavuja karibu niti 0.4. Ukiishusha taa nyeupe ibaki 100, nyeusi inakuwa 0.1. Uwiano haubadiliki. Taa ni moja kwa skrini nzima, ukiipandisha ili mwezi ung'ae, usiku wote unapanda nayo. HDR ilitakiwa kupanua nafasi kati ya mwanga na giza, na monita ya aina hii inasogeza tu vyote viwili juu.

Zinazoweza ni za aina mbili. Kuna zile zenye taa ya nyuma iliyogawanywa vipande vingi, mamia au zaidi, kila kipande kinapunguza mwanga wake chenyewe. Na kuna OLED, ambapo kila pikseli ni taa yake na inaweza kuzima kabisa. Hizo ndizo HDR inaonekana kwa maana yake, na bei yake hapa kwetu inaanzia mahali ambapo shangazi angeniuliza kama chama kimekuwa benki.

Kuna njia rahisi ya kujua monita yako iko wapi, haihitaji chombo. Ngoja usiku, zima taa, washa HDR, fungua picha nyeusi tupu ijaze skrini, halafu sogeza kishale cheupe cha panya katikati. Kama skrini yote inang'aa kijivu sawasawa, taa yako ni moja. Kama kunakuwa na wingu la mwanga linalomfuata kishale na pembeni kunabaki giza, una vipande. Kama ni kishale peke yake kwenye giza, na huoni hata ukingo wa skrini unaanzia wapi, una OLED, na hongera. Na kwenye duka, stika ikisema tu "HDR10" au "HDR Ready" bila namba ya VESA, inamaanisha monita inapokea ishara ya HDR. Kuipokea na kuionyesha ni vitu viwili.

Jambo la mwisho lilikuwa wateja. Nikamuuliza kaka, watu wanakuja hapa kucheza nini kwa kompyuta? CS2 na Valorant. Hizo mbili hazina HDR yake. Ukiacha HDR ya Windows ikiwa imewashwa, gemu hizo zinaonyeshwa kama SDR ndani ya HDR, na kwenye monita kama ile rangi zinafifia mpaka uende kwenye Windows upandishe SDR content brightness. Kwa hivyo kwa biashara yake, HDR ilikuwa imewashwa kwa gemu zisizo nayo, kwenye monita isiyoiweza, kwenye chumba kisichoifaa. Nikamwonyesha Win + Alt + B, vitufe vitatu vya kuwasha na kuzima HDR, ili mtu akija na Forza aijaribu halafu izimwe.

Kwa upande wangu kama mtu wa video, kuna aibu nyingine ndogo. Zile klipu zangu za HDR ambazo mlisema zimefifia kama zimepakwa unga, sababu yake ni kwamba nilikuwa nacheza kwa HDR na OBS yangu imeseti SDR bila kupanga ubadilishaji. OBS inaweza kurekodi HDR tangu toleo la 28 la mwaka 2022, lakini lazima uipange. Siku hizi narekodi SDR tu. Nyinyi wengi mnaniangalia kwa simu, kwa matatu, na bando inahesabiwa.

Tulikaa na kaka jioni na daftari. Monita tatu zisizo na stika, 1440p, hezi 144, kila moja na kebo yake ya DisplayPort. Zile 21,000 zikabaki, na akaamua ziende kwa kifaa cha kushikilia stima, kwa sababu stima ikipotea katikati ya raundi hakuna anayeuliza nyeusi yako ni nyeusi kiasi gani. Shangazi alipoelezwa alisema kitu kimoja tu: "Basi huyo wa kompyuta ametusaidia." Ameniita wa kompyuta tangu nilipoacha chuo, na ilikuwa mara ya kwanza haikuniuma. Sikumwambia kwamba huyohuyo wa kompyuta ndiye aliyeanzisha matatizo. Nawaambia nyinyi.

Mimi mwenyewe ningenunua HDR? Ndiyo, siku nikiwa na pesa za OLED, kwa sababu nacheza usiku peke yangu, taa zimezimwa, na napenda gemu za hadithi zenye HDR yake. Kwa monita ya 400 isiyogawanya taa, nisingeongeza hata elfu moja. Ikiwa stika imekuja nayo kwa bei ileile, sawa, ikae.

Na kama uliifuata ile video yangu na gemu yako imekuwa nzito tangu hapo, fungua Advanced display sasa hivi uangalie hezi zako. Kama ni 60 na monita yako ni ya 144, ni mimi. Rudisha hezi juu, acha biti zijipange, au tafuta kebo ya DisplayPort kwenye katoni. Iko pale chini, kwenye nailoni, haujawahi kuifungua.